Mtakatifu Meru: kufuta makosa ya roboti bila kufuta jasho la watu

Kwenye kibao cha barabarani, "Mt." haimsumbui mtu. Mkatoliki wa Bukoba akiona "Mt. Yosefu" anasoma Mtakatifu Yosefu na kupita. Dereva wa Arusha akiona "Mt. Meru" anajua kabisa kwamba ni ule mlima, ufupisho wa Kiingereza ulioingia kwenye majina ya hoteli, maduka na zahanati. Kompyuta haina ujuzi huo. Hufuata kanuni iliyopewa, na kanuni ikiwa na kasoro, itaikosea mara elfu moja kwa dakika chache kwa utulivu uleule ambao ingeitumia kupatia.

Makosa ya namna hiyo hutokea mara kwa mara kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambayo mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuihariri. Wasomaji wa Dar es Salaam huenda wanaifahamu kupitia mradi wa Ramani Huria, ambapo kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walizunguka kata kwa kata wakichora nyumba, mitaro na vichochoro ili jiji lijue maji ya mafuriko yatapita wapi. Data ile ililetwa kwa miguu. Kwa hiyo swali la jinsi ya kuondoa kazi mbovu ya mashine bila kugusa kazi nzuri ya watu si la mafundi peke yao.

Nitatumia mfano niliouunda mwenyewe, kwa sababu visa halisi huja na majina ya watu ambao hawakuomba kutajwa. Taratibu na zana nitakazozieleza ni zile zinazotumika kweli.

Kuna mtandao uitwao MapRoulette unaogawa kazi ndogondogo za ramani. Mtu huandaa orodha, tuseme ya sehemu zote ambazo majina yake yamefupishwa, kwa sababu utaratibu wa OpenStreetMap ni kuandika majina kwa ukamilifu. Kila sehemu inakuwa kazi moja. Mtu wa kujitolea anafungua kazi, anasahihisha ramani, kisha anabofya `Fixed`, na kazi inatoka kwenye foleni. Sasa chukulia orodha ina kazi 1,200, na mtu fulani, kwa nia njema kabisa, anaandika programu ya kuzimaliza usiku mmoja. Kila inapoona "Mt." inaandika "Mtakatifu", kisha inabofya `Fixed`. Asubuhi orodha imekwisha. Shule ya Msingi Mt. Yosefu imekuwa Mtakatifu Yosefu, sawasawa. Lakini kuna Mtakatifu Meru, Mtakatifu Kenya, na hata Mtakatifu Elgoni.

Wiki tatu zinapita kabla mtu hajagundua. Wiki hizo tatu ndizo zinazoifanya kazi ya kurudisha kuwa ngumu, kwa sababu ramani haikusimama kusubiri. Watu waliendelea kuongeza saa za kufungua, kuhamisha nukta iliyokaa upande usio wake wa barabara, kufuta jengo lililobomolewa.

Wazo la kwanza linalomjia karibu kila mtu ni kurudisha nakala ya akiba: chukua hali ya ramani ilivyokuwa jioni ile kabla programu haijaanza, iweke badala ya ya leo, basi. Ni wazo baya. Lingeondoa majina mabovu, ndiyo, lakini pia majina mazuri mamia ambayo programu hiyohiyo iliyaandika, pamoja na kila kitu ambacho watu wamekifanya tangu siku ile. Nakala ya akiba imewekwa kwa ajili ya seva iliyoungua. Kosa lililochanganyika na kazi halali linahitaji njia nyingine.

Njia hiyo inawezekana kwa sababu OpenStreetMap haifuti historia. Kila kitu kwenye ramani, iwe nukta ya zahanati au mstari wa barabara, kina namba ya toleo. Ukikigusa, toleo la 3 linabaki kwenye kumbukumbu na toleo la 4 linaandikwa juu yake. Hata ukikifuta, kufuta kwenyewe ni toleo jipya lisemalo kwamba kitu hiki hakionekani tena. Ni kama daftari la mwenye duka makini: akikosea hesabu hachani ukurasa, anaandika mstari mpya wa kusahihisha chini yake. Juu ya hayo, tangu 2009 kila badiliko lazima liwe ndani ya kifurushi, kinachoitwa `changeset`, chenye namba yake, jina la akaunti iliyokituma na maelezo mafupi ya kilichofanyika. Kifurushi kimoja kinabeba vitu visivyozidi 10,000. Ukijua akaunti ya programu na usiku ule, unaweza kushusha vifurushi vyake vyote na kupata orodha kamili ya kila ilichokigusa, bila kubahatisha.

Kabla ya hapo, hata hivyo, programu lazima izimwe, na kuzima ni pamoja na kufuta ruhusa yake ya kuingia kwenye ramani. Inaonekana ni jambo la wazi mno kuandikwa, lakini ndilo linalosahaulika. Programu hii inatafuta "Mt." na kuigeuza. Ukiirudisha "Mt. Meru" mahali pake huku programu bado inazunguka kwenye ratiba yake ya kila usiku, umeipa kazi mpya. Kesho utaamka uikute imegeuza tena, na sasa historia ina matoleo mawili zaidi ya takataka, na mtu anayeitazama kwa mbali anadhani kuna watu wawili wanaogombana.

Baada ya kuzima, fundi anagawa zile kazi 1,200. Hapa hakuna ujanja wa kompyuta unaomwondolea binadamu kazi yake, kwa sababu kama kungekuwa na kanuni rahisi ya kutenganisha mtakatifu na mlima, programu yenyewe ingeitumia. Anaanza na majina yaliyo wazi. Yosefu, Petro, Anna, Augustino: hao ni watakatifu. Meru, Kenya, Kilimanjaro: hiyo ni milima. Kisha anafika kwenye "Mt. Karmeli". Jina ni la Kikanisa mno, shule na parokia zinalitumia, na mtu mwenye haraka atasema mtakatifu. Ila Karmeli ni mlima, na ndiyo maana Wakatoliki wanasali kwa Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Sayuni na Sinai zina mtego huohuo. Tuseme mwisho wa siku ana 860 zilizo sahihi, 250 mbovu kabisa, na 90 ambazo hawezi kuzisema bila kumuuliza mtu anayeishi pale.

Zile 860 haziguswi. Lakini ana uhakika gani kwamba ni sahihi? Hawezi kuzipitia zote kwa makini, na akijiamini tu anafanya kosa lilelile la mwanzo. Anachoweza ni kuchagua kwa kura, si kwa kupenda, na kukagua zile zilizoangukiwa na kura. Akikagua 60 na zote zikawa sawa, hesabu inamruhusu kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba mbovu zilizobaki hazizidi takriban asilimia 5. Asilimia 5 ya 860 ni 43, idadi isiyopendeza. Akikagua 300 na zote zikawa sawa, kiwango kinashuka hadi karibu asilimia 1, yaani kama majina tisa. Hesabu ni rahisi kuikumbuka: gawanya 3 kwa idadi uliyokagua bila kukuta kosa. Mkikuta hata moja bovu, hesabu hiyo haifai tena, na pengine mgawanyo wote unahitaji kuangaliwa upya, kwa sababu kosa moja kwa kawaida lina ndugu zake wenye jina la aina hiyohiyo.

Zile 250 ndizo zenye utamu. Tazama zahanati moja ya kubuni na matoleo yake matatu:

```
v3  amenity=clinic  name=Zahanati ya Mt. Meru
v4  amenity=clinic  name=Zahanati ya Mtakatifu Meru
v5  amenity=clinic  name=Zahanati ya Mtakatifu Meru
    opening_hours=Mo-Fr 08:00-16:00
```

Toleo la 3 liliandikwa na mtu. La 4 ni la programu. La 5 ni la mtu mwingine aliyepita pale, akaona saa za kufungua mlangoni, akaziongeza. Ukirudisha toleo la 3 zima, saa zake zinapotea, na hatajua kwa nini. Ukiliacha toleo la 5 kwa kuogopa kumkosea, zahanati inabaki na jina la mtakatifu asiyekuwepo. Dawa ni kuacha kufikiria toleo zima na kuanza kufikiria lebo mojamoja. Kwa kila lebo unalinganisha vitu vitatu: ilivyokuwa kabla ya programu, programu ilivyoiandika, na ilivyo leo. Kama ya leo ni ileile ya programu, hakuna aliyeigusa tangu siku ile, rudisha ya zamani. Kama ya leo ni tofauti na ya programu, kuna mtu ameshaishughulikia, iache. Kama programu haikuigusa kabisa, haikuhusu. Hapa `name` inarudi kuwa "Zahanati ya Mt. Meru", `opening_hours` inabaki, na matokeo yanaandikwa kama toleo la 6.

Kuna wanaodai kwamba mtu wa toleo la 5, kwa kuwa aliliona jina na hakulibadili, alilikubali. Sikubaliani nao. Aliyekuja kuandika saa za kufungua alikuja kuandika saa za kufungua. Tukihesabu kila ukimya kuwa idhini, kosa lolote litakalokaa muda mrefu litageuka kuwa ukweli.

Kwa mfano wetu, tuseme kati ya 250, vitu 180 havijaguswa na yeyote tangu programu, na 41 vimeguswa kwenye lebo nyingine kama zahanati ile. Hivyo 221 kanuni ya lebo tatu inavimaliza. Vinabaki 22 ambavyo mtu amebadili jina lenyewe baada ya programu, na 7 vilivyofutwa. Hivi 22 havirudishwi kwa mashine, lakini haviachwi bila kutazamwa. Wengi watakuwa wameandika "Mount Meru" kwa ukamilifu, kazi safi kuliko hata ile ya mwanzo. Ila utakuta pia mtu aliyeandika "Zahanati ya Mtakatifu Meru, Ngarenaro": ameongeza kata juu ya kosa. Kanuni inaona jina limebadilika na kulipita. Jicho la mtu tu ndilo litakaloona kwamba kosa limejengewa ghorofa.

Vile 7 vilivyofutwa vina hatari yake. Zana za kurudisha mabadiliko, kwa mfano programu-jalizi ya kurudisha iliyomo kwenye JOSM, mhariri wa ramani unaopendwa na wazoefu, zina uwezo wa kufufua vitu vilivyofutwa. Ni uwezo mzuri pale mharibifu anapofuta kijiji. Hapa ungefufua zahanati iliyobomolewa wiki iliyopita kupisha barabara, na mgonjwa akaifuata. Kama aliyefuta si programu yetu, kufuta kwake si juu yetu kukutengua.

Nazo 90 zenye utata? Mimi ningezirudisha zote kwenye "Mt.", kwa kanuni ileile, hata kama nusu yake huenda ni watakatifu kweli. Ufupisho haujadai chochote; unamwachia msomaji aamue. "Mtakatifu" ikiandikwa mahali pa mlima ni habari ya uongo. Inapobidi kuchagua kati ya jina lisilokamilika na jina ambalo huenda ni la uongo, lisilokamilika halimpotezi mtu.

Sasa ni wakati wa kutuma, na seva ya OpenStreetMap ina ulinzi wake. Unapotuma badiliko lazima useme unabadili toleo la ngapi. Ukisema la 5 wakati kuna mtu ameshaandika la 6 dakika mbili zilizopita, seva inakataa kwa namba `409` na ujumbe wa aina hii:

```
Version mismatch: Provided 5, server had: 6 of Node 123456789
```

Mwenye pupa hupachika namba 6 mahali pa 5 na kutuma tena. Hilo ni kumkanyaga mtu kwa makusudi. Ujumbe ule unamaanisha kwamba hali ya leo uliyoilinganisha si ya leo tena. Soma toleo la 6, pitisha kanuni ya lebo tatu upya, ndipo utume.

Kama programu iligusa kitu kimoja mara mbili, kwa mfano toleo la 4 na la 6 huku la 5 likiwa la mtu, vifurushi hurudishwa kuanzia cha mwisho kwenda cha kwanza. Ukianza na cha kwanza, utakuta lebo ya leo hailingani na ile ya toleo la 4, utadhani ni kazi ya binadamu, na utaiacha.

Na hii kazi ya kurudisha nayo ni kazi ya jumla inayofanywa kwa programu, kwa hiyo inaweza kukosea kwa kasi ileile. Jumuiya ya OpenStreetMap ina kanuni za uhariri wa kiotomatiki zinazotaka mpango ujadiliwe hadharani kabla, na kuna kikundi cha kushughulikia migogoro ya data chenye mamlaka ya kuzuia akaunti isiyosikia. Fundi mzoefu anaandika kwanza mabadiliko kwenye faili bila kutuma, anayasoma, anatuma 20, anayatazama kwenye ramani, ndipo anatuma mengine. Anayaweka kwenye vifurushi vya peke yake, visivyochanganywa na kitu kingine, vyenye maelezo yanayotaja namba za vifurushi vinavyorudishwa. Akikosea, anayekuja nyuma yake ataweza kurudisha kurudisha kwake.

Wengi wakifika hapa wanafunga kompyuta. Ramani imepona, lakini orodha ya kazi bado inadanganya. Kumbuka programu ilifanya mambo mawili kwa kila sehemu: iliandika jina, na ilibofya `Fixed`. Hizo ni kumbukumbu mbili kwenye seva mbili tofauti, na kurudisha moja hakurudishi nyingine. Zahanati yetu sasa inaitwa tena "Mt. Meru", bado imefupishwa, na kwenye orodha imeandikwa kwamba imeshughulikiwa. Hakuna mtu wa kujitolea atakayepelekwa kuitazama tena. Kwa kweli iko pabaya kuliko kabla ya programu, maana zamani angalau ilikuwa kwenye foleni.

Hivyo kazi 221 zilizorudishwa na zile 90 zenye utata zinafunguliwa tena, jumla 311, na za utata zinaongezewa maelezo kwamba jibu linatakiwa kutoka kwa mtu anayepajua mahali. Kazi 860 zinabaki `Fixed`, kwa kuwa zimefanyika kweli. Zile 22 zinabaki zimefungwa isipokuwa ambazo jicho limezikamata. Zile 7 za vitu vilivyofutwa zinafungwa kama `Not an Issue`, kwa kuwa hakuna tena jina la kusahihisha. Kishawishi cha kubofya kitufe kimoja na kufungua zote 1,200 ni kikubwa, na kinaonekana kama tahadhari. Matokeo yake ni kwamba watu watapewa kazi 860 zilizokwisha kumalizika, watafungua kumi, watakuta zote ziko sawa, na kufika ya kumi na moja watakuwa wanabofya bila kutazama. Mt. Karmeli itapita katikati yao.

Kuna sehemu ambako kurudisha hakufiki. Data ya OpenStreetMap hunakiliwa na kila anayeitaka, na programu za ramani za simu zinazofanya kazi bila intaneti, kama OsmAnd na Organic Maps, huishusha na kuihifadhi ndani ya simu yenyewe. Aliyeshusha ramani ya Tanzania ndani ya zile wiki tatu ana Mtakatifu Meru mfukoni, na ataendelea kuwa naye hadi siku atakayoisasisha ramani yake. Ndiyo maana, jina la hospitali au zahanati likiharibika kwa jumla, wanaojua kazi hii hutoa taarifa yenye tarehe mbili: siku kosa lilipoingia na siku lilipotoka, ili anayetumia nakala ajue kama yake ilichukuliwa katikati.